Kukaza Mkanda Sio Kuongeza Hewa

Wacha niseme hii kitu wazi, hata kama kuna mafundi watanikasirikia. Ofisi ikiwa na joto, fundi akapanda juu na spana, akakaza mkanda wa feni, akashuka akisema "nimewaongezea hewa", mara nyingi hajaongeza chochote. Amebadilisha sauti ya mashine tu. Na kama alikaza sana, amewapangia bili ya beringi mwezi ujao.

Mimi ni fundi wa ubaridi, bado kijana kwa hii kazi. Ninafanya na mzee mmoja ambaye ameshika spana kabla sijazaliwa, na yeye ndiye alinitoa hiyo imani ya kukaza kaza. Leo nataka kuwaeleza kazi moja tuliyofanya Westlands, kwa sababu ndani yake kuna kila kitu: mkanda, puli, na pesa ya watu iliyokuwa inapotea bure.

Kwanza tuelewane tunaongelea mashine gani. Sio ile ya kutundika ukutani. Majengo makubwa huwa na sanduku la bati kubwa kama matatu ndogo, limekaa juu ya paa ama kwa chumba cha mashine. Ndani kuna filta, koili baridi, na feni kubwa ya ngoma. Feni inavuta hewa, inaipitisha kwa koili, halafu inaisukuma kwa mifereji hadi kwa ofisi. Mara nyingi feni hiyo haijafungwa moja kwa moja kwa mota. Mota ina puli yake, feni ina puli yake, na katikati kuna mikanda ya umbo la V.

Sasa shika hapo. Mota ya kawaida ya nguzo nne hapa kwetu, kwa umeme wa hezi 50, huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika. Feni inazunguka kwa kasi gani? Hiyo inaamuliwa na ukubwa wa puli mbili. Puli ya mota ikiwa ndogo kuliko ya feni, feni inaenda polepole kuliko mota, kama vile gia ya baiskeli. Mkanda kazi yake ni kubeba huo mzunguko bila kuteleza. Ukiwa umeshika vizuri, hata uukaze hadi ulie kama gitaa, feni haitaongeza hata mzunguko mmoja. Kukaza kunasaidia tu kama mkanda ulikuwa unateleza, na hapo unarudisha kasi iliyopotea. Hauongezi kasi mpya.

Basi, Westlands. Ghorofa moja ya watu wa kupokea simu za wateja. Wasichana na vijana wamevaa hedifoni siku nzima, viti vimebanana, kompyuta zinatema joto. Asubuhi wako sawa. Ikifika saa sita mchana hewa inakufa, na kila mtu ana kafeni kake kadogo kwa meza, nyaya za eksitensheni zimejaa sakafuni. Kampuni ilikuwa imeanza kutafuta ofisi kwingine. Keateka wa jengo alituambia, "Wazee, hii ikishindikana, mimi ndio nitafutwa wa kwanza."

Kabla yetu kulikuwa na watu wengine. Hao walikuwa wameongeza gesi mara tatu kwa mwaka mmoja, wamekaza mkanda mara sijui ngapi, na ushauri wao wa mwisho ulikuwa kompresa mpya. Kompresa ndio kitu ghali zaidi kwa huo mfumo. Mwenye jengo alikuwa karibu kusaini.

Mbona walidhani ni gesi? Kwa sababu geji zao zilionyesha presha ya chini upande wa kuvuta, na koili ilikuwa inaganda barafu ikifika mchana. Gesi ikipungua hivyo ndivyo huonekana. Lakini hewa ikipungua pia huonekana hivyo hivyo. Koili inategemea hewa ya joto kutoka ofisini ndio gesi iliyo ndani ichemke. Hewa ikiwa kidogo, gesi haipati joto la kutosha, presha inashuka, koili inakuwa baridi kupita kiasi, unyevu unagandia juu yake. Barafu nayo inaziba njia ya hewa, kwa hivyo hewa inapungua zaidi. Usiku mashine ikizimwa barafu inayeyuka, ndio maana asubuhi wako sawa. Ukiongeza gesi hapo hujatibu kitu. Na gesi ambayo haijachemka yote inaweza kurudi kwa kompresa ikiwa majimaji na kuiua kweli, halafu useme, "Si nilisema ni kompresa?"

Mzee hakugusa geji. Aliniambia, "Kijana, pima hewa kwanza."

Tulianza na vitu vya bure. Filta zilikuwa safi, zimebadilishwa juzi. Koili ilikuwa imeyeyuka na mapezi yake yalikuwa yamesimama vizuri. Milango ya kuzuia hewa kwa mifereji ilikuwa wazi. Feni ilikuwa inazunguka upande ulioandikwa kwa mshale. Usiruke hii hatua. Ukiongeza kasi ya feni wakati filta imeziba, umemkimbiza mtu aliyezibwa pua.

Halafu tukapima. Upande wa filta kulikuwa na filta nne za sentimita 60 kwa 60, yaani jumla mita za mraba 1.44. Nilipitisha kipima upepo kwa pointi nyingi zilizopangwa sawa kwa kila filta, kisha nikatafuta wastani: mita 1.53 kwa sekunde. Zidisha na eneo, unapata karibu lita 2,200 za hewa kila sekunde. Michoro ya zamani ya jengo ilisema inafaa iwe lita 3,000. Watu wa ile ghorofa walikuwa wanakosa zaidi ya robo ya hewa yao. Hiyo njia ya kupima sio kamili, lakini ukiifanya vilevile kabla na baada, inakuonyesha mabadiliko bila longolongo.

Hapa ndipo mafundi wengi wangeshika spana. Mzee alitoa takometa, kile kifaa cha kupima mizunguko kwa mwanga. Unabandika kikaratasi kinachong'aa kwa puli, unaangaza, unasoma. Mota: 1,450. Feni: 740. Akaniuliza, "Feni inafaa iwe ngapi?"

Tukazima mashine, tukafunga swichi kwa kufuli na ufunguo ukakaa kwa mfuko wangu, tukangoja ngoma isimame kabisa. Hii sio mbwembwe. Mkanda na puli hula vidole, na feni inaweza kuendelea kuzunguka muda mrefu baada ya umeme kukatwa. Tukasoma namba zilizochorwa kwa puli. Ya mota ilikuwa milimita 125, ya feni 224. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita:

1450 × 125 ÷ 224 = 809

Kwa hivyo feni ilifaa kuzunguka mara 809, lakini ilikuwa 740. Mizunguko 69 ilikuwa imepotea njiani, karibu asilimia 8.5. Mkanda mzima wa V hupoteza kiasi kidogo tu, kama asilimia moja ama mbili. Hiyo yetu ilikuwa ni kuteleza.

Lakini ona kitu kingine. Hata bila kuteleza, 809 haingetosha. Hewa hufuata kasi ya feni moja kwa moja: kasi ikipanda asilimia kumi, hewa inapanda asilimia kumi, bora tu mifereji isibadilike. Ukichukua lita 2,200 kwa mizunguko 740, ndio ufike 3,000 unahitaji kama mizunguko 1,010. Kumaanisha tulikuwa na magonjwa mawili tofauti. Mkanda ulikuwa unateleza, na puli ilikuwa ndogo. Keateka ndiye alikumbuka: kuna wakati puli ya mota ilivunjika, ikawekwa ile iliyopatikana. Hakuna aliyepiga hesabu.

Tuanze na kuteleza. Mkanda wa V haushiki kwa tumbo, unashika kwa mbavu. Unaingia kwa mfereji wa puli na kubanwa pande zote mbili. Kwa hivyo ukiukagua, angalia mbavu. Zetu zilikuwa zinang'aa kama kiatu cha afande, na chini kulikuwa na vumbi jeusi la mpira. Nikaangalia pia chini ya mfereji wa puli. Kama chini kunang'aa, jua mkanda umezama hadi unagusa tumbo, puli imelika, na hapo hakuna kukaza kutakusaidia, ni puli mpya. Mifereji yetu ilikuwa mizima. Tatizo lilikuwa mikanda yenyewe: ilikuwa miwili, mmoja wa zamani na mmoja mpya. Ule wa zamani ulikuwa umerefuka, kwa hivyo mpya ndio ulikuwa unabeba mzigo wote peke yake. Hao jamaa waliukaza hadi beringi ya feni ikaanza kunguruma, na bado ukateleza. Mikanda hununuliwa pamoja na kubadilishwa pamoja, hata kama mmoja unaonekana bado uko sawa.

Tukaweka miwili mipya ya aina ya SPA. Hapa kuna tabia nyingine inaniudhi: watu kutoa mkanda kwa kuukwangua na bisibisi juu ya ukingo wa puli. Unakata nyuzi za ndani ambazo huzioni, na mkanda unakufa mapema. Legeza boliti za mota, isukume kwa reli zake ikaribie feni, vaa mikanda kwa mkono, halafu irudishe.

Kisha tukalinganisha puli. Unaweka rula ndefu iliyonyooka, ama uzi uliovutwa, kwenye uso wa puli zote mbili. Iguse pointi nne: kingo mbili za puli moja na kingo mbili za nyingine. Kama kuna mwanga unapita mahali, mota imekaa upande na mkanda utalika mbavu moja.

Ndio sasa tunafika kwa kukaza, na kukaza pia kuna namba. Sio ile ya kubonyeza na kidole gumba na kusema "hapo iko poa". Unapima urefu wa mkanda ulio hewani kati ya puli mbili. Kwa kila mita moja, mkanda unafaa kubonyea milimita 16 ukisukumwa katikati. Wetu ulikuwa sentimita 50, kwa hivyo milimita 8. Swali ni nguvu gani inaubonyeza hizo milimita 8. Kwa mkanda wa SPA wenye puli ndogo ya 125, jedwali la watengenezaji linasema kama kilo 2.5 hadi 3.6 kwa kila mkanda. Unatumia kipimo chenye springi, kama kalamu nene. Ukibonyea kwa nguvu kidogo kuliko hiyo, umelegea. Ukihitaji nguvu kubwa kuliko hiyo, umekaza sana na beringi ndizo zitalipa. Mikanda mipya tuliiweka upande wa juu wa hiyo namba, kwa sababu hulegea ikishakaa kwa mifereji.

Tukawasha. Feni: 800. Hewa: karibu lita 2,380. Hiyo ndiyo zawadi yote ambayo mkanda ungeweza kutupa. Hao wengine wangekaza hadi Krismasi, wasingepita hapo.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya puli. Na hapa ndipo naomba utulie, kwa sababu ndipo mota huungua.

Nilisema hewa hufuata kasi moja kwa moja. Umeme haufuati hivyo. Nguvu ambayo feni inakula hupanda kwa kasi ikizidishwa yenyewe mara tatu. Kasi ikipanda asilimia 20 unazidisha 1.2 × 1.2 × 1.2, na jibu ni 1.73. Hewa imepanda asilimia 20, umeme umepanda asilimia 73. Sio kosa la mtu, ndivyo feni zilivyo.

Kwa hiyo kabla ya kununua puli, tulipima mota ilikuwa inavuta nini kwa mizunguko 800: kilowati 2.1 kutoka kwa waya. Mota yenyewe ni ya kilowati 4. Hiyo 4 iliyoandikwa kwa kibati chake ni ile inayotoka kwa shafti. Kutoka kwa waya, ikifanya kazi yake yote, ingevuta kama 4.7.

Dukani kulikuwa na saizi mbili ambazo zingetufaa. Puli ya 160 ingetupa kama mizunguko 1,025 na lita 3,050, zaidi hata ya michoro. Puli ya 150 ingetupa kama mizunguko 960 na lita 2,860, asilimia 95 ya michoro. Mimi roho yangu ilikuwa kwa 160. Si watu wameteseka? Wapewe yote. Mzee akasema, "Piga hesabu ya moto." Kwa 150, umeme ungekuwa 2.1 mara 1.73, yaani kilowati 3.6. Kwa 160, ungefika 4.4. Tofauti ya hewa kati ya hizo puli mbili ni kama asilimia 7 hivi, lakini ile kubwa ingekula umeme zaidi kwa karibu asilimia 22, kila saa, kila siku, na kuacha mota karibu na ukuta. Kwa kazi ya kusawazisha hewa, kukaribia namba ya michoro ndani ya asilimia kumi hukubalika kwa kawaida. Tukachukua 150.

Puli za aina hii hukaa kwa bushi ya tepa. Unatoa skrubu mbili, unaingiza moja kwa lile shimo la tatu, unaikaza, na bushi inajiachilia yenyewe. Hakuna nyundo. Puli ikiwa kubwa, mkanda unahitaji urefu zaidi, kwa hivyo mota ilisogea kama sentimita mbili kukaribia feni, na kwa bahati reli zilikuwa na nafasi. Tukalinganisha upya kwa rula, tukakaza upya. Sasa puli ndogo ikiwa 150, jedwali linataka kama kilo 3.6 hadi 4.6, nasi tukaweka 4.5. Tukawasha kwa dakika 20, tukazima, tukapima tena, na mikanda ilikuwa tayari imelegea kidogo. Tukairudisha. Siku mbili baadaye tukapita kupima tena.

Kuna mashine ambazo puli ya mota inafunguka nusu mbili. Ukizileta karibu, mkanda unapanda juu na feni inaenda haraka. Ukizitenganisha, mkanda unazama na feni inapoa. Hizo unaweza kurekebisha bila kununua kitu, lakini sheria ni ileile. Kila ukigeuza, mvutano umebadilika, kwa hivyo unapima mkanda upya na ampea upya.

Matokeo yetu: feni 958, upepo kwa filta mita 1.98 kwa sekunde, hewa lita 2,850. Mota ilivuta ampea 6.8, kibati kinaruhusu 8.1. Ndipo Mzee akatoa geji. Gesi ilikuwa imezidi, kama alivyotarajia. Tukatoa ile ya ziada kwa mtungi, koili haikuganda tena, na kompresa ile ya zamani iko kazini hadi leo. Beringi ya feni hatukuiokoa, tuliibadilisha.

Usichukue namba zangu ukaenda nazo kwa jengo lako. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Feni ileile, puli ileile, ukiipeleka Mombasa itasukuma lita zilezile, lakini lita nzito, na mota itavuta umeme zaidi. Angalia pia kasi ya juu ambayo mtengenezaji wa feni ameruhusu. Na hewa ikipita kwa koili iliyolowa kwa kasi ya zaidi ya mita 2.5 kwa sekunde, inaanza kubeba matone na kuyamwaga kwa mifereji. Halafu kama mota inaendeshwa na kifaa cha kubadilisha hezi, soma kwanza kimewekwa ngapi. Unaweza kununua puli kumbe mtu alipunguza kasi kwa kibonyezo.

Kwa hivyo wewe unayelipa, ama bosi wako anayelipa, fundi akishuka kutoka juu muulize namba nne: feni ilikuwa mizunguko mingapi na sasa ni mingapi, mota inavuta ampea ngapi na kibati kinasema ngapi, hewa ilikuwa lita ngapi na sasa ngapi, na mkanda umekazwa kwa kilo ngapi. Akiwa nazo, mlipe bila kusumbua. Akikuambia tu "nimekaza", hiyo sio ripoti.

Sisi zetu tuliziandika kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango wa lile sanduku: tarehe, puli 150 na 224, aina na urefu wa mikanda, mizunguko, ampea. Fundi atakayekuja baada yetu akifungua mlango, ataziona kabla hajashika spana.